Mkono, mukono, nkono: sauti jirani zinavyoambukizana

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo nimekaa karibu na dirisha makusudi, mwanga uniangukie mdomoni, maana nitawaomba mnitazame midomo. Kama una kioo karibu, kichukue.

Binti yangu yuko darasa la tatu hapa Nürnberg. Juzi amerudi na daftari la imla, na jina la mji tunaoishi limepigwa mstari mwekundu. Ameandika Nürmberg, kwa M. Akaniambia, "Mama, lakini ndivyo wanavyosema." Nikamwambia kwenye maandishi mwalimu yuko sahihi, ni N. Kesho yake tukiwa kwenye treni nikatega sikio tangazo la kituo. Jamani, M tupu. Mtoto alisikia vizuri kabisa.

Kwa nini N igeuke M? Kwa sababu inayofuata ni B. Kutamka N, ncha ya ulimi inapanda kugusa ufizi nyuma ya meno ya juu, na hewa inapitia puani. Kutamka B, midomo inafumba. Mtu anayeongea kwa kasi yake ya kawaida hangoji N iishe ndipo afumbe midomo. Midomo inajiandaa mapema, inafumba hewa ikiwa bado inatoka puani. Na pua ikiwa wazi huku midomo imefumba, sauti inayotoka ni M, hata kama akilini ulikusudia N.

Sasa wewe. Sema "bendera", lakini simama kwenye N. Benn... Ulimi uko wapi? Ncha imegusa ufizi. Haya, sema "benki", usimame palepale. Beng'... Ncha ya ulimi iko chini, imelala! Kilichopanda ni shina la ulimi, kule nyuma kwenye kaakaa laini, kwa sababu K inatamkiwa huko. Tunaandika N ileile, lakini mdomoni ni sauti mbili tofauti. Ile ya "benki" ni ileile ya mwanzo wa "ng'ombe". Umeitamka maisha yako yote bila kufundishwa na mtu.

Hili la sauti kujiandaa mapema mimi lilinifunza kwa uchungu nikihariri video. Nilikuwa nazungumzia uyoga wa msituni, na mahali pa kusema "una sumu" nikasema "una simu". Sikutaka kurekodi upya. Nikasema S ninayo, nitakata baada ya S, kisha nichukue "umu" kutoka kwenye neno "humu" nililolisema mbele kidogo, niunganishe. Nikafanya. Ikatoka kitu kama "siumu". Nikarudia kukata mara nne, tano, wapi!

Tazama midomo yangu. Nasema S ya "simu": sss. Midomo imetanuka, kama nataka kutabasamu. Sasa S ya "sumu": sss. Umeona? Midomo imeshaviringika kabla U haijaanza. Mviringo ule unaushusha mluzi wa S, unakuwa mzito zaidi. Kwa hiyo S yangu ya "simu" ilikuwa imeshabeba I ndani yake, na hakuna mkasi wa kuitenganisha. Jaribuni nyumbani: mmoja afumbe macho, mwingine atoe S peke yake huku akikusudia "simu" au "sumu", asiimalizie. Anayesikiliza atabashiri irabu inayokuja.

Wataalamu walilikuta jambo hili zamani. Mwaka 1952 Alvin Liberman na wenzake wa maabara ya Haskins, Marekani, walitengeneza kwa mashine mlipuko mmoja mfupi wa sauti wenye masafa ya takriban hezi 1440, wakaubandika mbele ya irabu mbalimbali. Mbele ya I na U wasikilizaji walisikia P. Mbele ya A, mlipuko uleule wakausikia K. Sikio halisomi sauti mojamoja kama herufi kwenye ukurasa. Linaisoma pamoja na jirani yake.

Jirani akishaambukiza mpaka ikawa desturi ya lugha, walimu wa Kiswahili wanaita usilimisho. Chukua ngeli ya N. Nyumba "ndefu": shina ni -refu, lakini ulimi ukishabana pale kwenye ufizi kwa ajili ya N, ule mbano unaendelea na R inatoka D. Ulimi, ndimi, ni vivyo hivyo kwa L. "Mbili" shina lake ni -wili: W ikawa B, kisha B ikaivuta N midomoni ikawa M. Kila mmoja kamgeuza mwenzake.

Basi hapa binti yangu akanibana. Akaniuliza, "Kama N inamfuata jirani, kwa nini M ya 'mkono' haifuati K?" Nikakaa kimya kwanza, swali zuri mno. Jibu ni kwamba M ile haikuwa jirani wa K tangu mwanzo. Kati yao palikuwa na U. Kiambishi ni mu-, na U yake inaonekana hadi leo kwenye "muuguzi" na "muumba". Nenda Lubumbashi utaisikia nzima: mukono, mutoto, mukate. Kule pwani U ilianguka, M ikabaki imesimama peke yake kama silabi kamili. Ndiyo maana "mbuni" wa kahawa ukimpigia makofi anapata matatu, m-bu-ni, na "mbuni" yule ndege mkubwa anapata mawili, mbu-ni. Wa kwanza alipoteza U. Wa pili M yake ni ile N ya ngeli iliyovutwa na B.

Sasa U ikishaondoka, M na K zimegusana, na ugonjwa unaanza upya. Msikilize Mpemba: nkono, ntoto, nkate. Sauti ya pua imeshahamia kule K na T zilipo, sawasawa na kwenye "benki". Kwa hiyo mukono, mkono, nkono ni hatua tatu za safari moja, na zote tatu zina watu wanaozisema leo hii, asubuhi hii. Nilipomwonyesha binti yangu hivyo, akachukua daftari akaziandika kwa mpangilio, na chini yake akaandika tena Nürnberg na Nürmberg, pembeni kabisa.

Nawaomba kitu kimoja. Walioko Pemba, na hata nyie wa Tanga na Mombasa, nitumieni sauti mkisema kwa kasi ya kawaida, "Mtoto ameshika mkate mkononi." Msisome, semeni tu kama mnamwambia mtu jikoni. Wakati mnasema, mwenzenu awatazame midomo kwenye "mkate": ikifumba kabla ya K, bado mna M. Ikibaki wazi, imeshahama. Midomo itawaambia kabla ya sikio.