Daktari hakuja: mhadhara kuhusu “hätte kommen sollen”

Karibuni, kaeni. Walio nyuma sogeeni mbele, koo langu si la kupigia kelele. Wengi wenu mmeshafika ngazi ya B1 ya Kijerumani, kwa hiyo sitaeleza perfekti ni nini, wala kwamba katika kishazi tegemezi kitenzi kilichonyambuliwa hukimbilia mwisho. Leo nina sentensi moja tu. Naona wanaonijua wameanza kucheka. Chekeni, mtaisikia tena.

Mwanafunzi wangu mmoja alikwenda Ujerumani kusomea uuguzi. Binti makini, daftari lake ungeweza kuliuza. Jioni moja wodini daktari alitakiwa aje saa mbili usiku amwangalie mgonjwa. Hakutokea. Binti akapiga simu, haikupokelewa. Zamu ilipokwisha akaandika kwenye ripoti ya makabidhiano:

“Der Arzt soll um 20 Uhr gekommen sein.”

Akaenda zake kulala. Kwa hesabu yake ameandika kwamba daktari alipaswa kuja saa mbili. Wa zamu ya usiku akaisoma, akaridhika, hakumpigia daktari simu. Kwa nini ampigie? Kwa Mjerumani sentensi ile inasema: inasemekana daktari alikuja saa mbili. Mimi sikumwona, lakini ndivyo nilivyosikia. Binti alitaka kusema hakuja, akaandika kwamba amekuja!

Mgonjwa hakupata madhara, daktari alifika asubuhi. Lakini binti aliitwa kujieleza, na jioni akaniandikia: “Shikamoo Mwalimu. Nimekagua sarufi mara tatu, sioni kosa.” Hakukuwa na kosa la sarufi. Hilo ndilo linalonikera hadi leo. Angekosea kiambishi, mtu angemuuliza alichomaanisha. Sentensi yake ilikuwa safi kama maji ya mtungi, ila ilikuwa sentensi nyingine.

Alichotakiwa kuandika ni hiki:

“Der Arzt hätte um 20 Uhr kommen sollen.”

Daktari alipaswa kuja saa mbili, na hakuja. Zitazameni zote mbili. Katika ile ya kwanza “sollen” iko katika wakati uliopo, “soll”, na upita, yaani alama ya wakati uliopita, umebebwa na kuja: “gekommen sein”. Maana yake inasemwa sasa kwamba kuja kulitokea zamani. Katika ya pili upita umebebwa na kupaswa. Kuja kwenyewe kumebaki “kommen” tupu, hakuna anayedai kwamba kulitokea.

Sasa niwaulize. Kiswahili chetu kinauweka wapi upita? “Alipaswa kuja.” Hiyo -li- imekaa kwenye kupaswa, na “kuja” imebaki na ku- yake. Ni mpango uleule wa Mjerumani! Binti angefuata lugha ya mama yake asingepotea. Alipotea kwa sababu alipitia kwa Mwingereza. Mwingereza neno lake la kupaswa halina wakati uliopita unaofaa hapa, kwa hiyo upita anausukumia kwenye kuja. Sisi tuliokaririshwa mpango huo tangu shule ya msingi tunaubeba kama mzigo wa kodi hadi kwenye Kijerumani. Kila mwaka nasema: kutoka Kiswahili kwenda Kijerumani kuna njia ya moja kwa moja, msizunguke na feri.

Najua kuna mwalimu humu anasema moyoni, “Lakini mbona ni ‘sollen’ na si ‘gesollt’? Perfekti inataka kitenzi cha ge-.” Ni kweli, na vitenzi vile sita, “können”, “müssen”, “dürfen”, “sollen”, “wollen” na “mögen”, vyote vina umbo hilo la ge-. Hutumika pale kitenzi kinaposimama peke yake: “Das habe ich nicht gewollt”, hilo sikulitaka. Kikipata mwenzake wa umbo la ku-, ge- inaondoka na kinageuka umbo la ku- nacho: “Das habe ich nicht sagen wollen”, sikutaka kulisema hilo. Ndipo mnapata vitenzi viwili vya ku- vimefuatana, cha tendo kwanza, cha kuweza au kupaswa mwisho. “Sagen gewollt” msiniletee.

Msiseme ni ajabu umbo la ku- kushika nafasi ya umbo la wakati. Sisi tunalifanya kila siku. “Aliingia jikoni, akapika na kuondoka.” Hiyo “kuondoka” ina wakati gani? Haina, imeazima kwa “akapika”, na hakuna mtoto wa Kiswahili anayeshindwa kuelewa kwamba mtu ameshaondoka. Mjerumani naye ameazima, wakati wote ameuacha kwenye “habe” au “hätte”.

Na kisaidizi ni “haben” hata kama tendo lenyewe kwa kawaida hutaka “sein”. “Ich bin gegangen”, lakini “ich habe gehen müssen”. Kisaidizi kinamtumikia “müssen”, hakimjui “gehen”. Tuendelee.

Sasa kishazi tegemezi, ambako hata walimu hunyamaza. Turudi wodini. Tuseme binti anataka kueleza kwa nini alipiga simu: nilipiga simu, kwa sababu daktari alipaswa kuja saa mbili. Anaanza: “Ich habe angerufen, weil der Arzt um 20 Uhr…” Halafu? Kanuni mliyokariri inasema kilichonyambuliwa kiende mwisho, kwa hiyo mtaandika “kommen sollen hätte”. Mantiki ni nzuri, ila kwa Kijerumani sanifu ni kosa. Vitenzi viwili vya ku- vikifunga mlango, “hätte” haipiti nyuma yao. Inasimama mbele yao:

“weil der Arzt um 20 Uhr hätte kommen sollen.”

Jamani, hapa ndipo wanafunzi wangu wazuri hufanya kosa la pili. Wakisikia kwamba “hätte” inakuja mbele, wanaipeleka mbele mno, karibu na mtenda, kama vile kishazi ni huru. Wanaandika “weil ich hätte den Arzt früher anrufen müssen”. Hapana. Haikuruhusiwa kurudi nyumbani, imeruhusiwa kusogea hatua moja. Mtendwa, wakati na ukanushi hupita kwanza:

“weil ich den Arzt früher hätte anrufen müssen.”

Kwa sababu ningepaswa kumpigia daktari mapema zaidi. Ifanyeni kwa vidole. Funga kwanza fundo la mwisho, “anrufen müssen”, na “an” isikatwe. Bandika “hätte” mbele ya fundo. Kisha kila kilichobaki, “den Arzt”, “früher”, kikae kati ya “ich” na “hätte”. “Nicht” ikiwepo nayo hutangulia: “weil ich das nicht hätte sagen dürfen”, kwa sababu sikupaswa kulisema hilo, na nililisema. Mtakuta Wajerumani wakiruhusu neno lililoshikamana na tendo liingie kati, kwa mfano “dass er hätte Klavier spielen können”. Hapo “Klavier spielen” ni kama tendo moja, kupiga piano. Msianze na hilo, mtajichanganya.

Nasikia pingamizi jingine, na huwa linatoka kwa aliyewahi kuishi kule: “Mwalimu, mbona Wajerumani hawasemi hivyo? Wanasema ‘weil ich arbeiten musste’, basi.” Umesema kweli kabisa, na ndiyo sababu nagombana na vitabu. Vitabu vingi huanza somo hili kwa “weil ich habe arbeiten müssen”. Ni sahihi, lakini anayesimulia tu kilichopita huchukua “musste”, “konnte”, “wollte”, anamaliza kwa neno moja. Mwanafunzi si mjinga. Akiona kuna njia fupi, anahitimisha kwamba fundo hili ni pambo la mtihani, analitupa. Kisha inafika siku anataka kusema jambo lililopaswa kutokea na halikutokea, na njia fupi haipo tena. “Der Arzt sollte um 20 Uhr kommen” inasema tu kwamba ilipangwa aje. Alikuja? Hakuja? Sentensi haikwambii. Ukitaka msomaji ajue kwamba hakuja, na kwamba hilo ni tatizo, unahitaji “hätte kommen sollen”. Ningeweza kuja na sikuja: “ich hätte kommen können”. Lawama, majuto, udhuru wa kuchelewa, vyote vinapita hapo. Kwa hiyo mimi somo naanzia kwenye “hätte”, na “habe” naileta wiki ya pili kwa wanaotaka. Wenzangu wananiambia nimeanza na gumu. Nimeanza na linalohitajika.

Saa inanikimbia, na nilikuwa na mengine matatu. Kwanza, wanaokwenda Austria: msishtuke mkisikia “weil er kommen hätte sollen”, kisaidizi kikiwa katikati ya fundo. Kule ni kawaida, hata watu wenye elimu husema hivyo. Mtihanini andikeni mlivyofundishwa. Pili, “werden” ya wakati ujao: “dass er wird kommen müssen” mtaiona, na “dass er kommen müssen wird” pia mtaiona. Ukali ule wa “haben” haupo hapo, msiupeleke. Tatu ilikuwa “lassen”, “sehen” na “hören”, ila mwenyekiti ananionyesha saa yake, basi hiyo tumeiacha.

Moja tu, mwenyekiti, kwa sababu watu wa ofisini wataihitaji. Ikiwa fomu ilipaswa kusainiwa na haikusainiwa: “Das Formular hätte unterschrieben werden müssen.” Fundo sasa lina vitatu, lakini wa ku- bado ni wawili, “werden müssen”. Kile cha kwanza, “unterschrieben”, ni umbo la kutendwa na halibadiliki. Mkiweka “weil” mbele, “hätte” inasimama palepale mnapopajua: “weil das Formular hätte unterschrieben werden müssen”.

Binti? Yupo, amehitimu. Juzi alinitumia ujumbe kuhusu jambo jingine, akaumaliza kwa Kijerumani: “Ich weiß, dass ich früher hätte schreiben sollen.” Najua nilipaswa kuandika mapema zaidi. “Früher” iko mbele ya “hätte”. Niliangalia hiyo kwanza, ujumbe wenyewe nikausoma baadaye.