Dakika 7 za maneno, video ya sekunde 90: nahariri video ya kuchangisha ya kina mama wa mtaani

Haya, karibuni tena. Leo nahariri video ya kikundi cha kina mama wa mtaani kwetu hapa Tanga, wanaokopeshana vyerehani. Wanachangisha wanunue mashine ya ovaloki, ile ya kushona kingo za nguo zisichanike nyuzi. Sirekodi kitu kipya, natumia klipu zilizokuwa tayari kwenye simu za watu. Na mhusika ni mmoja tu, mama fundi wa sare za shule. Wanachama wengine watanisamehe, ukiwaweka wote hakuna atakayekumbukwa.

Klipu usizichukue kwenye grupu. WhatsApp inazibana, uso unakuwa kama uji. Mwambie aliyerekodi akutumie upya kwa kuchagua Document, faili inakuja ilivyo. Mimi nimepata 11. Nafungua CapCut, New project, naingiza zote, naweka 9:16 maana watu wanatazama wamesimama kwenye daladala. Hapo mnapajua, tusonge.

Sasa, klipu moja ndiyo inabeba zote: hii ya dakika 7, mama anaongea uani kwake. Haina maiki, upepo unasikika, na mimi ndiye ninayewauzia maiki za kubana shati, aibu yangu. Picha usiziguse kwanza. Sikiliza maneno mara mbili, andika kwenye karatasi sentensi unazozitaka. Mimi naanza na hii: "Nilikuwa nashonea cherehani ya kuazima. Mwenyewe akiitaka, kazi imeishia hapo." Umesikia? Hakuna "jina langu naitwa", hakuna "kikundi chetu kilianzishwa". Mtu ameshajua shida iko wapi.

Sasa njoo karibu na skrini. Hapa anasema, "Nimemaliza kulipa..." anavuta pumzi, "...cherehani ya kwanza, ya pili bado nadaiwa." Mwaka jana, kwenye video ya mama mwingine, nilikata sehemu kama hii, kwenye pumzi, kwa sababu pumzi inakuvutia mkasi. Video ikatoka mama hana deni. Ikaonyeshwa mbele ya wenzake, na mweka hazina amekaa na daftari! Sikujua niangalie wapi. Kwa hiyo fumba macho usikilize: sauti ikibaki juu mwishoni, sentensi haijaisha. Ikishuka, kata.

Ngoja... simu inasema nafasi imejaa. Nafuta video za "asubuhi njema" za grupu la ukoo. Shangazi usinune. Haya, tumerudi.

Maneno yamebaki sekunde 70. Ndiyo sasa nabandika picha juu yake, Overlay. Mkasi unakata kitambaa, mguu kwenye pedali, na hii ninayoipenda kuliko zote: pindo la sketi lililochanika nyuzi, kidole chake kinaligusa. Hii naiweka pale anaposema nguo lazima azipeleke mjini kupigwa ovaloki, na hela ya kumpa mwenye mashine inatoka kwenye faida yake. Mtazamaji anaona anachoombwa kuchangia, huna haja ya kumweleza. Sauti ya hizi klipu za juu ishushe, ila ya mkasi iache kidogo. Na picha zifunike zile sehemu ulizokata maneno, uso usiruke. Lakini jamani, picha isifunike uongo. Ukikata kwenye pumzi halafu ukafunika na mkasi, hakuna atakayegundua isipokuwa yeye. Rudi usikilize tena. Mimi narudi... "ya pili bado nadaiwa." Ipo.

Ukisikia kimya cha ghafla kati ya sentensi, kama redio imezimwa, chukua sekunde 3 za uani ambazo hakuna anayeongea, uzitandaze chini ya hayo mapengo. Upepo ule ule umegeuka rafiki.

Mwishoni naweka bei tuliyopewa dukani, 650,000, na Lipa Namba. Ikae sekunde 6, mtu apate muda wa kuinakili. Chini yake andika jina kama linavyotokea kwenye simu ya mlipaji. Likitokea jina la mtu asiyemjua, anaghairi.

Kabla ya kuirusha nimempelekea mwenyewe aitazame. Ameitazama kimya mpaka mwisho, akarudisha nyuma, akaniuliza: "Huyu mtoto anayejaribishiwa shati, mama yake umemwuliza?" Sijamwuliza. Na nembo ya shule inasomeka kifuani. Basi naitoa, naweka mkasi tena, sekunde 4 zile zile. Export.