Hatari moja, makato mawili: mhadhara kwa maofisa mikopo na mipango

Ndugu zangu, kukokotoa thamani ya sasa mnajua, sitapoteza muda huko. Nimekuja na jambo lile lile ninalolisema kila ninapopewa nafasi, yaani kuikata hatari ile ile zaidi ya mara moja, kwa sababu bado naliona kwenye maandiko ya miradi.

Chukueni mradi wa mfano: kiwanda kidogo cha barafu cha kuuzia wavuvi wa Kilwa. Mtaji ni milioni 300, maisha ya mashine miaka mitano. Mwaka ukienda vizuri, kinabaki kiasi cha milioni 120. Mwaka ambao kompresa imeharibika, au kusi imevuma hadi vyombo vikakaa ufukweni, zinabaki milioni 40. Tuseme katika kila miaka minne, mitatu ni mizuri na mmoja mbaya. Wastani wake ni milioni 100 kwa mwaka. Kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 15, thamani ya sasa ya miaka yote mitano ni milioni 335. Toa mtaji, inabaki faida ya milioni 35. Mradi unafaa.

Sasa anakuja mchambuzi mwangalifu. Anasema, "Kompresa zinaharibika, tuandike milioni 80." Sawa. Kisha faili linafika kwa mkuu wake, naye anasema, "Mradi huu una hatari ya mashine, tupandishe punguzo hadi asilimia 22." Thamani inashuka hadi milioni 229, na mradi unaonekana kupoteza milioni 71. Kompresa ni ile ile! Imekatwa tayari ndani ya ule wastani wa 100, ikakatwa tena kwenye 80, ikakatwa mara ya tatu kwenye 22.

Nataka tukae hapa kidogo. Rudi kwenye milioni 100 za wastani, uulize: ni punguzo gani, peke yake, lingeishusha thamani hadi milioni 229? Jibu ni asilimia 33 hivi. Kamati inaamini imedai asilimia 22, kumbe imedai 33, na hakuna aliyeipigia kura 33. Kipimo hiki ni cha dakika tano kwenye Excel. Mkitoka hapa na kitu kimoja tu, kiwe hicho.

Halafu tazameni ubaya wa kuweka hatari ya kompresa kwenye punguzo. Kutoka 15 hadi 22, fedha za mwaka wa kwanza zinapungua kwa karibu asilimia 6, lakini za mwaka wa tano zinapungua kwa karibu asilimia 26, maana punguzo hujirudia mwaka baada ya mwaka. Je, kuna fundi aliyewaambia hatari ya mashine hiyo inaongezeka kwa mwendo huo? Hayupo. Kompresa ikifungwa vibaya inasumbua mwanzoni kabisa.

Najua mtu hapo nyuma anasema moyoni, "Si bora kuzidisha tahadhari kuliko kupoteza fedha za watu?" Hapana! Mradi mzuri ukikataliwa, samaki wanaendelea kuoza ufukweni, na hasara hiyo haiandikwi kwenye faili lolote. Tena waombaji si wajinga. Wakishajua mtawakata mara mbili, wataandika milioni 140 mapema, na hapo hamna tena takwimu ya kuaminika mezani.

Njia ni hii. Kila hatari ipewe mahali pamoja. Ile inayogusa mradi wenyewe, kama mashine, kibali au kusi, iandikwe kama matukio yenye uzito wake, kama tulivyofanya kwa 120 na 40. Punguzo libebe thamani ya muda na ile hatari ambayo hata mwenye miradi mingi hawezi kuikwepa, yaani uchumi mzima kuyumba. Mwenye kiwanda kimoja tu, na mali yake yote iko humo, anaweza kudai zaidi. Na adai, lakini mara moja, kwa maandishi. Hata kanuni ya uhasibu ya IAS 36 inasema wazi: hatari iliyokwisha kurekebishwa kwenye makadirio ya fedha isiingizwe tena kwenye punguzo.

Mkipenda kukata kwenye fedha zenyewe hadi zibaki zile ambazo mngezikubali kana kwamba ni za uhakika, ni halali kabisa. Ila basi tumieni kiwango cha hatifungani za serikali, si 15.

Naona naonyeshwa saa. La mfumuko wa bei kwa ufupi: ikiwa bei za barafu mmeziandika kwa shilingi za leo kwa miaka yote mitano, toeni mfumuko kwenye punguzo pia. Mkiuacha humo mnaukata mradi tena, na safari hii si kwa ajili ya hatari yoyote.