Onyesho la majaribio kabla ya kufunga hariri

Ndugu waongozaji na wahariri wa filamu, onyesho la majaribio hufanywa hariri ikiwa imesimama lakini haijafungwa. Ukishaifunga, fundi wa sauti, mtunzi wa muziki na fundi wa rangi wanafuata urefu wa kila shoti ulivyo. Ukirudi kukata hata sekunde mbili, kazi yao yote kuanzia hapo inapishana na picha.

Alikeni watu 15 hadi 25 wanaofanana na wale mnaotaka wakate tiketi. Asiwemo ndugu wa mwigizaji wala aliyesoma skripti, kwani anayeijua hadithi huziba mapengo kichwani bila kujitambua. Rangi inaweza kusubiri, lakini mazungumzo yasiposikika mtaletewa malalamiko ya sauti matupu. Kabla ya kuanza, semeni tu kwamba kazi haijakamilika. Hadithi msiieleze.

Mmoja wenu akae pembeni mbele, awatazame watu badala ya skrini, akiwa na saa aliyoianzisha pamoja na picha. Aandike dakika ambayo watu wanajigeuzageuza vitini, wanatoa simu, au wanacheka pasipochekesha. Mgeni wenu atawasifia kwa adabu, ila simu ikishatoka mfukoni mmepata jibu la kweli.

Taa zikiwaka, gaweni dodoso la ukurasa mmoja, na kalamu za kutosha, kabla mtu hajafungua mdomo. Msemaji wa kwanza huwavuta wenzake wote. “Umeipenda?” ni swali bovu. Kwenye dodoso, mwambieni kila mtazamaji asimulie hadithi kwa sentensi tano, ataje alipopotea, alipochoka, na mhusika ambaye hakumwelewa. Mjadala ufuate baadaye, uongozwe na mtu ambaye hakuitengeneza filamu. Mwongozaji akae nyuma, anyamaze. Akianza kujitetea, watu wanaacha kusema.

Sasa tuseme filamu ni ya dakika 95, ndugu wawili wanagombea shamba la marehemu baba yao. Kati ya watu 20, 12 wameandika kwamba kaka kuuza shamba kumekuja ghafla, na wanataka tukio liongezwe mwishoni. Msikimbilie kuliongeza. Watazamaji hujua vizuri wanapoumia, ila dawa si kazi yao. Someni masimulizi yao: karibu wote hao 12 hawakutaja kwamba kaka ana deni. Deni lilitajwa dakika ya 22, kwa sentensi moja, pikipiki ikinguruma nyuma. Punguzeni ngurumo, rudisheni ile shoti ya karatasi ya mkopo mliyoikata, ikae sekunde nne. Mwisho wenyewe msiuguse kwanza.

Kisha onyesheni tena, kwa watu wapya, maana wale wa mwanzo sasa wanalijua deni. Kaka akiuza shamba na hakuna anayeuliza kwa nini, fungeni hariri.