Kutoka ujumbe wa simu hadi barua ya ofisini: mfano wa bili ya maji

Hamjambo, mabibi na mabwana. Leo tutaushika ujumbe mmoja tu, tuufumue na kuushona upya mpaka uwe barua. Ni wa aina ambayo wakazi wa Nairobi huituma kila siku kwa namba ya mtu wa maji:

"Niaje mkubwa, maji imekatwa kwetu tangu jtatu na mi nalipanga bili kila mwezi. ile ya mwezi wa 5 ilikam 6400 na c2mii maji hivo, huwa 1100 hivi. mtu wa mita hajakam miezi 3, anabahatisha tu. pliz mturudishie maji na mcheki hyo bili juu hatuwezi lipa. nko na risiti zote. nambia"

Wengi wakiambiwa waufanye rasmi hukimbilia maneno. Wanaiondoa "niaje", wanaweka "salamu nyingi", na "juu" inageuka "kwa sababu". Maneno yamebadilika, ila barua bado haina kazi. Anayepokea ujumbe kwenye simu huwa anakujua: namba yako anayo, nyumba anaijua, na "jtatu" kwake ni juzi. Barua itasomwa na karani anayefungua faili, pengine wiki mbili baadaye, na huyo hajui lolote. Kwa hiyo kabla ya sarufi, jaza mapengo.

Hapa mapengo ni matano. Akaunti ni ipi? Jumatatu ya tarehe gani? Miezi mitatu ni ipi? "Risiti zote" ni ngapi? Na mita inasoma nini leo? Hili la mwisho ndilo muhimu zaidi, ingawa ujumbe haukuligusa kabisa. Toka nje, soma mita, uandike namba na tarehe. Tuseme bili ya Mei inadai kwamba mita ilisoma 512, na leo mita yenyewe inaonyesha 487. Mita ya maji inayofanya kazi sawasawa huenda mbele tu, kwa hiyo hesabu hiyo peke yake inatosha kuonyesha kwamba kuna kosa. Na ukiwa nayo huna haja ya kuandika "anabahatisha tu". Hilo ni shutuma, na ofisi itaanza kumtetea mtu wake badala ya kuikagua bili.

Sasa kichwa cha habari, pale kwenye KUH: ambayo ni ufupisho wa kuhusu. (Ndiyo maana "KUH: KUHUSU BILI" ni kusema jambo moja mara mbili.) Ujumbe una maombi mawili, maji yarudi na bili ikaguliwe. Lipi litangulie? Ukiwa na kiu utasema maji. Lakini maji yamekatwa kwa ajili ya bili, kwa hiyo bili ndiyo mzizi, na barua inayoanza na mzizi hupelekwa kwenye dawati linalohusika. Namba ya akaunti iwe kwenye kichwa hicho hicho, isijifiche katika aya ya tatu.

Tuje kwenye lugha. "Maji imekatwa" ni mazoea yetu ya hapa mjini. Maji huchukua ya-, kwa hiyo "maji yamekatwa". Ila barua inataka kumtaja aliyepatwa na jambo, na Kiswahili kina kitenzi chake tayari: "nilikatiwa maji". Neno moja linabeba yote. "Nalipanga" ina ile -nga yetu ya mazoea, na mahali pake kwenye usanifu ni hu-: "mimi hulipa". Hapo mtego ni kuongeza kiambishi cha nafsi, ukapata "ninahulipa", ambayo si ya mtaani wala ya ofisini. "Hatuwezi lipa" imeangusha ku-. Iandikwe "hatuwezi kulipa". Na angalia jinsi ujumbe unavyorukaruka kati ya "mi" na "sisi". Akaunti ina jina moja, kwa hiyo barua nzima iwe na nafsi moja.

"Nko na risiti" sihangaiki kuigeuza "nina risiti". Karani hataki kujua unazo, anataka kuziona: "Nimeambatisha nakala nne za risiti."

Kosa la upande wa pili ni kupamba. Mtu aliyeandika "pliz" anaona aibu, sasa anaandika "kwa unyenyekevu na taadhima kuu naomba kuchukua fursa hii adhimu". Maneno kumi, na ombi halijatajwa. "Naomba" inatosha, ina adabu yake ndani. Vilevile "mkubwa" isigeuzwe "Mheshimiwa", jina ambalo Kenya tunawaitia wabunge na viongozi kama hao. Meneja ni Bwana au Bibi, na usipojua ni yupi andika Bw/Bi.

"Nambia" nayo inabeba jambo zito: unataka jibu. Taja njia na siku, la sivyo umeacha mlango wazi.

Juu kulia weka anwani yako na tarehe. Chini yake, kushoto, cheo na anwani ya mwandikiwa, S.L.P. pamoja na msimbo wa posta. Ule wa posta kuu ya Nairobi ni 00100. Kisha barua iende hivi:

Kwa Bw/Bi,

KUH: MALALAMIKO YA BILI YA MEI 2025 NA OMBI LA KUREJESHEWA MAJI, AKAUNTI NAMBA ……

Mimi ni mwenye akaunti iliyotajwa hapo juu. Bili yangu ya Mei 2025 ni Sh 6,400, ilhali kwa kawaida mimi hulipa takriban Sh 1,100 kwa mwezi. Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, nilikatiwa maji.

Bili hiyo inaonyesha kwamba mita ilisoma 512. Leo, tarehe 12 Juni 2025, mita inasoma 487. Aidha, sijamwona msomaji mita tangu mwanzo wa Machi 2025.

Naomba bili hiyo ikaguliwe na kurekebishwa, na nirejeshewe maji wakati ukaguzi unaendelea. Nimeambatisha nakala nne za risiti, za Januari hadi Aprili 2025, pamoja na picha ya mita.

Naomba jibu kwa maandishi kufikia Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025.

Wako mwaminifu,

Halafu sahihi, jina kamili na namba ya simu.

Tazameni "sijamwona msomaji mita". Ujumbe ulisema "hajakam". Huenda alikuja ukiwa kazini. Unachoweza kukisimamia ni ulichokiona wewe. Na "hatuwezi kulipa", baada ya kuhangaika nayo kote huko, imetoka kabisa. Mtu anayesema hawezi kulipa anaomba huruma, na atapewa mpango wa kulipa kidogo kidogo deni ambalo si lake. Huyu anasema bili ina kosa.

Ukimaliza, chapisha nakala mbili. Zote mbili zipelekwe mapokezi, moja ibaki kwao, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Picha ya mita iwe imepigwa karibu kiasi kwamba namba ya mita yenyewe inasomeka, si ile 487 peke yake. Vinginevyo wataweza kusema ni mita ya jirani.