Uji mzito unaomezeka: mhadhara kwa wazazi wa watoto wa miezi sita na kuendelea

Akina mama, akina baba, shikamooni wakubwa. Leo naomba tuzungumzie sufuria moja tu ya uji.

Chukueni mtoto wa miezi minane. Tumbo lake ni dogo: akinywa nusu kikombe hivi ameshiba. Sasa mama amekoroga vijiko viwili vya unga kwa kikombe cha maji, uji mwepesi unaonyweka. Mtoto amelijaza tumbo maji, na baada ya saa moja analia. Tunasema ana ulafi, kumbe ana njaa.

Uji wa mtoto uwe mzito, ukae kwenye kijiko usitiririke. Kwa kikombe kimoja cha maji weka vijiko vikubwa vitano vya unga wa mahindi, mtama au ulezi. Hapo ndipo wengi mnaniambia, "Mtoto haumezi, unamkaba." Ni kweli, na dawa yake bibi zetu waliijua: kimea.

Loweka ulezi usiku mmoja, chuja, funika kwa kitambaa kibichi siku mbili au tatu, ukiunyunyizia maji. Ukichipua, anika ukauke kabisa, sugua mizizi na machipukizi yatoke, saga. Ukiona ukungu, mwaga wote. Naomba mtumie ulezi, si mtama, maana machipukizi ya mtama yana sumu.

Pika uji wako mpaka uive vizuri, uepue. Ukipoa kiasi cha kuvumilika kwa ulimi, tia kijiko kimoja cha chai cha kimea, koroga. Dakika chache tu utaona uji unalegea mbele ya macho yako, bila tone la maji kuongezwa. Kimea kinaivunja wanga iliyoushika uji. Ukikitia wakati uji unachemka, hautalegea, moto umeshakiua. Ukishalegea, rudisha jikoni uchemke tena, kwa sababu kimea ni unga mbichi.

Sasa karanga: kijiko kikubwa kimoja, zimekaangwa, zimesagwa laini kabisa. Punje nzima zinaweza kumkaba mtoto. Chagueni kwa mkono, moja moja. Iliyonyauka, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupwe, maana sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu kwenye mahindi, kwa hiyo nafaka nayo ichaguliwe vilevile. Tena msisage karanga pamoja na unga wa mwezi mzima. Mafuta yake huchacha, na unga ukinuka uchungu haufai.

Malizia kwa kijiko cha chai cha mafuta ya kula. Uji ukipoa, ponda papai au embe bivu utie, usilipike. Vitamini yake humsaidia mtoto kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye nafaka. Lakini madini hayo ni machache, kwa hiyo mlo mwingine wa siku uwe na dagaa waliosagwa, maini au yai, na maziwa ya mama yaendelee.

Mama pale nyuma ameuliza kuhusu chupa. Hapana, mama, kijiko na kikombe.