Nani Atalazimika Kufungua?

Naona tayari wawili huko nyuma wameshaanza kuchora nukta kwenye karatasi. Vizuri, msiache. Sheria za mchezo wa nukta na visanduku mnazijua tangu darasa la tatu: unachora mstari kati ya nukta mbili jirani, ukifunga kisanduku unaandika herufi yako na unachora tena. Sitapoteza muda hapo. Lililonileta ni lile lile ninalolisema kila mwaka, na kila mwaka mnanitazama kama mtu anayewashauri mgawe mshahara wenu: acheni kula kila kisanduku mnachokiona.

Tuchukue karatasi ndogo, nukta 16, visanduku 9. Mistari 13 imeshachorwa na hakuna kisanduku hata kimoja kilichofungwa. Iliyobaki yote ni minyororo miwili, yaani visanduku vilivyoshikana kama ushoroba: mmoja wa visanduku vinne, mwingine wa vitano. Zamu ni ya mchezaji wa pili. Popote atakapogusa, anaufungua mnyororo mzima. Basi anafungua ule wa vinne, maana hasara ndogo ni afadhali.

Mlafi anafanyaje? Anakula vyote vinne, anafurahi, halafu anakumbuka kwamba zamu bado ni yake. Kilichobaki ni ule wa vitano. Lazima aufungue yeye. Anashindwa 5 kwa 4, na anakwenda nyumbani akilaumu bahati.

Anayejua anakula viwili tu. Vile viwili vya mwisho havigusi; anachora mstari wa mwisho kabisa wa ushoroba, ule wa kwenye mlango wa nje, vikabaki vimefungiana kama nyumba moja yenye vyumba viwili. Mwenzake anavifunga vyote kwa mstari mmoja, na mpigo huo mimi nauita mpigo pacha. Kisha lazima achore tena. Achore wapi? Umebaki ule wa vitano tu. Matokeo ni 7 kwa 2. Karatasi ile ile, zamu ile ile.

Najua mtu atasema, “Mwalimu, mwenzangu naye si anaweza kuviacha hivyo viwili?” Anaweza. Lakini bado lazima achore mahali, na mahali pote ni pa kufungua. Akiviacha, wewe utakula vile vitano na hivyo viwili pia. Asante sana kwake.

Anayewalazimisha wengine wafungue ndiye ameshika usukani, na bei ya kuushika ni visanduku viwili kwa kila mnyororo wenye visanduku vitatu au zaidi, isipokuwa wa mwisho, ambao anakula wote. Elwyn Berlekamp, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alitumia miaka mingi kwenye mchezo huu wa watoto, kwa hiyo msidhani ni mimi peke yangu niliyechanganyikiwa.

Sasa vitanzi, na hapa nakiri aibu yangu. Nilikuwa kwenye boti ya kwenda Unguja na mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja. Tulichora nukta 36, visanduku 25. Alianza yeye. Tulipofika katikati ya safari kila mmoja alikuwa na visanduku vinne, na iliyobaki ilikuwa minyororo mitatu, wa vitatu, wa vinne na wa sita, pamoja na kitanzi kimoja cha visanduku vinne. Kitanzi ni ushoroba usio na mlango. Unazunguka na kujirudia. Zamu ilikuwa yake, kila mahali palikuwa pa kufungua, na mimi nimekaa vizuri nikinywa soda.

Mtoto akafungua kitanzi. Visanduku vinne vya bure! Nikavila vyote.

Hesabuni wenyewe. Mimi sasa nina vinane na zamu ni yangu. Nikafungua ule wa vitatu. Akala kimoja, akaniachia viwili. Nikafungua ule wa vinne; akala viwili, akaniachia viwili. Ukabaki ule wa sita, nao nikaufungua mimi. Yeye 13, mimi 12. “Mjomba, ulikuwa na njaa?” aliniuliza.

Ningefanya nini? Kitanzi hakina mwisho, kwa hiyo huwezi kuacha viwili tu. Unaacha vinne. Akishachora mstari kati ya visanduku viwili, wewe chora ule unaouelekea, upande wa pili. Kitanzi kinagawanyika jozi mbili, kila moja inangoja mpigo pacha. Katika kitanzi cha vinne maana yake hupati hata kimoja. Inauma, najua. Mpwa wangu angechukua vyote vinne kisha angelazimika kufungua. Kwenye wa vitatu ningepata kimoja, kwenye wa vinne viwili, kwenye wa sita vyote: tisa, na vinne vya awali, 13. Yeye 12. Kisanduku kimoja tu, lakini upande wangu.

Kwa hiyo bei ya mnyororo ni viwili, ya kitanzi ni vinne. Mnyororo wa visanduku vinne haukupi faida wala hasara, wa vitatu unakudai kimoja, na kitanzi kisichozidi visanduku vinane hakikuongezei kitu mpaka kiwe cha mwisho. Vikiwa vingi vidogo vidogo, usukani unaweza kukugharimu kuliko unavyokulipa, na siku hiyo ni heri uuachie. Hili lingehitaji jioni nyingine nzima.

Swali la kweli ni nani ataushika. Nitakwenda haraka, mwenyekiti ameshaanza kutazama saa. Zamu zote za mchezo ni sawa na idadi ya nukta ukijumlisha mipigo pacha. Thibitisheni nyumbani, kitu mnachohitaji ni kwamba nukta na visanduku vikijumlishwa huzidi mistari kwa mmoja, kama 16 na 9 dhidi ya mistari 24. Kutokana na hapo: jumlisha nukta na minyororo mirefu, yaani yenye visanduku vitatu au zaidi. Jumla ikiwa shufwa, usukani ni wa aliyeanza; ikiwa witiri, wa aliyefuata. Vitanzi usivihesabu, maana kila kimoja kinaleta mipigo pacha miwili na miwili haigeuzi shufwa kuwa witiri. Nukta 36 na minyororo mitatu ni 39. Aliyeanza alikuwa mpwa wangu. Usukani ulikuwa wangu na niliutupa mwenyewe baharini.

Basi vita vyote ni kabla, wakati hakuna kisanduku kilichofungwa: mmoja anataka minyororo iwe miwili, mwingine anataka iwe mitatu. Jinsi ya kuunganisha na kukata minyororo nimeiacha leo.

La mwisho, maana hapa ndipo wengi huponyokwa. Ukilazimika kutoa ushoroba mfupi wa visanduku viwili, usichore mlangoni. Chora katikati, ukivitenganisha. Ukichora mlangoni, mwenzako anaweza kufunga mlango wa pili, akakuachia mpigo pacha, na hesabu yako yote imegeuka. Ukichora katikati hana hila hiyo. Akivitaka atavifunga kimoja kimoja, kisha atachora yeye.

Karatasi zipo mezani, nukta 16 kila moja. Anayeanza anataka minyororo mingapi? Shufwa. Wewe wa nyuma, umeshakula kitanzi hicho? Nilijua.